Kabla nyundo ya mnada haijagonga

Dalali ameshabandika tangazo ukutani: mnada Jumamosi. Mwenye nyumba anakimbilia mahakamani kuomba zuio la muda. Tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe, 1969, mahakama za Tanzania humtaka aoneshe mambo matatu kwa pamoja: kuna hoja nzito ya kuamuliwa, atapata hasara isiyofidika, na ataumia kuliko mpinzani wake.

Wengi hukwama kwenye hasara. Nyumba uliyoiweka rehani benki umeshaikubalia bei. Benki itajibu kwamba ikishindwa kesi, ina fedha za kukufidia. Hati ya kiapo isiishie kusema “nitateseka”. Na kuonesha hoja nzito, iambatishe risiti za marejesho, au ioneshe kwamba notisi ya siku 60 haikufika. Mnada ukishafanyika, zuio halina cha kuzuia.