Jina la Kadi na Jina la Mdomoni: Kuupa Ukumbi Jina Linalofikisha Wageni

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wamiliki wa kumbi na kamati za harusi, Kaniha, Biharamulo



Kazi yangu ni kuchapa kadi. Kila kadi ya mwaliko inayopita mikononi mwangu ina sentensi ileile: familia ya fulani inayo furaha kukualika katika sherehe itakayofanyika tarehe fulani, katika ukumbi wa... Hapo ndipo mara nyingi kazi husimama. Mwenyekiti wa kamati ananiandikia jina, shangazi wa bibi harusi aliyekaa pembeni anauliza, "Ndiyo wapi huko?" na mwenyekiti anamjibu kwa jina jingine kabisa: "Si pale kwa mama wa mashine ya kusaga." Ukumbi una jina la kadi, na una jina la mdomoni. Mgeni anasoma la kwanza, lakini dereva wa bodaboda analijua la pili tu.

Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba majina hayo mawili yanapaswa kuwa moja, na pakitokea mvutano kati yake, mdomo ndio hushinda. Kwa hiyo anza na mdomo, kadi itafuata.

Ushahidi tunao hapa jirani, wilayani Ngara. Ukipanda gari ukasema unashuka Kasulo, kondakta anaweza kukuuliza mara mbili. Ukisema Benaco, hakuulizi. Benaco lilikuwa jina la kampuni ya ujenzi ya Kiitaliano iliyoweka kambi yake pale wakati wa kujenga barabara. Wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo mwaka 1994, zaidi ya laki mbili kwa muda wa siku moja hivi, kambi yao ilichukua jina hilo na dunia nzima ikalisikia redioni. Kampuni iliondoka, wakimbizi wakarudi kwao, lakini jina limebaki. Hakuna aliyekaa kikao kulichagua. Lilibaki kwa sababu lina silabi tatu, halifanani na jina la kijiji chochote cha jirani, na kila mtu, awe Mhangaza, Msubi, Msukuma au dereva wa lori kutoka Dar es Salaam, analitamka vilevile.

Tazameni na kumbi za Dar es Salaam. Pale Upanga kuna ukumbi wa Diamond Jubilee, uliopewa jina hilo kwa kumbukumbu ya jubilei ya almasi ya Aga Khan wa Tatu, iliyoadhimishwa jijini humo mwaka 1946. Watu wanasema "tuko Diamond" basi. Pale Mnazi Mmoja upo ukumbi wenye jina la mfanyabiashara Mgiriki, George Arnautoglu. Jina hilo limewahi kuandikwa kwa namna nyingi, na mdomoni limekuwa Anatoglo. Ukumbi ule ulijulikana sana hivyohivyo, kwa sababu ulikuwa katikati ya mji na karibu kila mtu alikuwa ameshafika. Ukumbi mpya wa Kaniha hauna bahati hiyo. Mgeni anayetoka Kahama au Muleba hajawahi kufika, na jina ndilo kitu pekee alichoshika mkononi.

Hapo tunapata jambo la kwanza: watu hukata jina, na mara nyingi hubakiza neno la mbele. Anayeuita ukumbi wake Golden Royal Palace Social Hall and Gardens ajue kwamba baada ya harusi ya tatu utaitwa Golden. Swali la kujiuliza ni je, hilo neno moja litakalobaki linautofautisha ukumbi wako na mwingine? Golden, Royal na New ni maneno ambayo mtu anaweza kukuta yamebandikwa kwenye gesti, duka la nguo na saluni katika mji mmoja. Neno linalotambulisha liwe la mbele. Maneno kama "ukumbi" na "bustani" yakae nyuma, ambako yakikatwa hayadhuru.

Jambo la pili linatuhusu sisi wa ukanda huu hasa, nalo ni herufi za l na r. Lugha zetu nyingi za huku hazizitenganishi kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Ndiyo maana utaona Lusahunga imeandikwa pia Rusahunga, na kila aliyeandika anaamini amepatia. Kwa kijiji si neno, kwa sababu kijiji hakihami. Kwa ukumbi ni tatizo, kwani Royal inakuwa Loyal kwenye kadi, Royar kwenye ujumbe wa simu, na kwenye ramani ya simu mgeni anaandika moja, wewe umesajili jingine, hakuna kinachotokea. Nderemo ni neno zuri mno kwa ukumbi wa harusi, lakini nimeliona limeandikwa Ndelemo. Vigelegele nalo lina l mbili za kukosewa. Sisemi majina hayo ni mabaya. Nasema ukiyachagua huku kwetu, utakuwa unasahihisha kadi maisha yako yote.

La tatu ni majina ya mahali. Wengi hufikiri wakiweka jina la kijiji mambo yameisha. Lakini Kasulo ipo Ngara, na Kasulu ipo Kigoma. Kabanga ipo Ngara, na Kabanga nyingine ipo huko huko Kasulu. Wageni wa Kigoma hupitia Nyakanazi kuja kwetu, na ndugu aliyeambiwa kwa simu "harusi iko Kabanga" anaweza kukaa nyumbani kwake akisubiri msafara umfuate. Jina la mahali lisibebe ukumbi peke yake. Lifuate jina lenyewe, nalo lifuatwe na wilaya.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufanyie kazi pamoja. Tuseme mwenzetu amejenga ukumbi kando ya barabara hapa kwenye kata yetu, na mbele ya kiwanja kuna mikuyu mitatu mikubwa inayoonekana kutoka mbali. Ana majina matatu kichwani: lile refu la Golden, jina la Mkuyuni, na jina lake mwenyewe.

Lile la Golden tumeshaliona. Lina herufi na nafasi 43 kwa jumla. Ujumbe mfupi wa simu unachukua 160, na ukizidi unahesabiwa kuwa jumbe mbili, na kamati inayotuma kwa waalikwa mia nne inalipia mara mbili. Zaidi ya robo ya ujumbe imeliwa na jina la ukumbi kabla hujataja tarehe wala saa. Na wapambaji wa maneno waangalie: ukiweka kopa jekundu au alama ya kunukuu iliyopinda, nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70.

Mkuyuni ni fupi na tamu. Lina kiambishi cha mahali, kwa hiyo linaingia kwenye mazungumzo bila kulazimisha: tukutane Mkuyuni, tuko Mkuyuni. Kasoro yake iko Mwanza. Mkuyuni ni sehemu inayojulikana sana jijini Mwanza, na waalikwa wengi wa harusi za Kaniha wana ndugu huko. Ukimwambia mtu wa Mwanza "ukumbi uko Mkuyuni", hatauliza zaidi. Atakwenda.

Jina lake mwenyewe lina nguvu moja, kwamba watu watalisema hata asipotaka. Lakini bibi harusi wa familia nyingine anaona shida kuchapa kwenye kadi yake kwamba anaolewa "kwa mzee fulani", hasa kama koo hizo mbili hazielewani. Na siku ukumbi ukiuzwa, jina linabaki likimtaja mtu aliyeondoka.

Mimi ningemshauri aite Mikuyu Mitatu. Hakuna l wala r. Ni nafasi 13. Likikatwa linabaki Mikuyu, ambalo bado linamwelekeza mtu, kwa sababu miti yenyewe inaonekana barabarani: "ukiona mikuyu mitatu mkono wa kulia, umefika." Kadi itasomeka vizuri: katika ukumbi wa Mikuyu Mitatu, Kaniha, Biharamulo. Sehemu za miji yetu zimezoea kuitwa kwa miti na hesabu yake. Mnazi Mmoja ipo Dar es Salaam na ipo Unguja. Na mti mmoja ukianguka kwa upepo, jina litakuwa limeshakomaa.

Jina hilo lina faida nyingine ambayo wamiliki huisahau. Ukumbi wa kata hauishi kwa harusi peke yake. Kuna mahafali, semina za walimu, mikutano ya vikoba, na maombi ya makanisa. Jina linalotaja mapenzi na bibi harusi linafunga milango hiyo. Vivyo hivyo maneno ya bia: huku kwetu "garden" mtu akiisikia anawaza meza za bia na nyama choma, na mzazi Mwislamu au mlokole hatakubali neno hilo likae kwenye kadi ya sendofu ya binti yake. Atakwenda kukodi ukumbi wa mbali kuliko wako, na hatakwambia sababu.

Kabla ya kuchora bango, jina lijaribiwe kwa simu. Mpigie mtu aliye sokoni penye kelele, mtajie jina mara moja tu, umwombe amtajie mwingine, na huyo wa tatu aliandike. Fanya hivyo kwa mzee asiyesoma, kwa dereva wa bodaboda, na kwa mtu wa wilaya nyingine. Kilichorudi kwenye karatasi ndilo jina lako halisi. Kikirudi kwa namna tatu tofauti, tafuta jingine.

Ndipo uende BRELA. Maombi hufanywa mtandaoni, na mfumo wenyewe unakuruhusu kutafuta kama jina limeshachukuliwa. Majina yanayofanana sana na la mwingine au yanayodokeza kuwa ni ya Serikali hukataliwa. Mjue pia kwamba usajili wa jina la biashara si sawa na alama ya biashara, ambayo ina usajili wake na ulinzi wake. Na jina hilohilo ndilo litokee kwenye lipa namba. Mhazini anapolipa kianzio akaona kwenye simu jina asilolijua, atasitisha malipo, na ana haki.

Kwa wenye kumbi ambazo tayari zina jina refu na watu wanaziita vingine, msikimbilie kung'oa bango. Sikilizeni kwa miezi michache watu wanasemaje, kisha mruhusu kadi zichapwe na jina la mdomoni mbele na lile la zamani chini yake kwa herufi ndogo. Kadi huchapwa wiki nne hadi sita kabla ya harusi na huishi kwenye makabati ya watu, kwa hiyo majina yote mawili yataonekana pamoja kwa msimu mzima wa harusi. Baada ya hapo ndipo mbadilishe usajili, lipa namba na bango kwa wakati mmoja, na mtujulishe mapema sisi tunaochapa.