Uzani wa Mwili na Yai Lisilotoka



Ndoa inapokaa mwaka mzima bila mtoto, maneno huanza kijijini, na mara nyingi huelekezwa kwa mke. Leo nataka tuzungumzie sababu moja ambayo wengi hawaifikirii: uzani wa mwili. Mwanamke akiwa mwembamba kupita kiasi, au mnene kupita kiasi, yai lake huenda likakosa kutoka. Na yai lisipotoka, hakuna mimba.

Kazi ya kutoa yai huanzia kichwani. Ubongo huamuru tezi ndogo iliyo chini yake itoe homoni, na homoni hizo husafiri katika damu hadi kwenye ovari, ambako mayai hukaa. Yai moja hukua, likakomaa, likaachiliwa. Kama mbegu ya mwanamume haikulifikia, hedhi huja baada ya wiki mbili hivi.

Sasa, mafuta ya mwilini pia hutoa homoni inayoueleza ubongo kuwa akiba ya chakula ipo. Mwanamke akikonda sana, ujumbe huo hupungua. Ubongo huona kwamba huu ni wakati wa njaa, si wakati wa kubeba mimba, na hupunguza amri zake. Hedhi huchelewa, kisha hukatika. Hata mwanariadha anayekimbia kilomita nyingi na kula kidogo anaweza kupatwa na hali hii.

Kwa aliyenenepa sana, njia ni nyingine. Insulini, homoni inayodhibiti sukari, hupanda katika damu. Insulini nyingi huzifanya ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Mayai kadhaa huanza kukua, lakini hukwama njiani kabla ya kukomaa. Dalili zake ni hedhi ya kurukaruka, na wakati mwingine chunusi au ndevu kidevuni.

Utajuaje? Chukua kalenda. Hesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi hadi siku ya kwanza ya hedhi inayofuata. Siku 21 hadi 35 ni kawaida. Zikizidi 35 kila mara, huenda yai linachelewa au halitoki kabisa.

Tuchukue mfano. Mama ana urefu wa mita 1.60 na uzani wa kilo 85. Aliona hedhi tarehe 3 Januari, kisha 12 Machi, kisha 20 Mei. Hizo ni takriban siku 69 kila mara. Hata kama yai lingetoka kila mzunguko, angekuwa na nafasi tano tu kwa mwaka, ilhali mwenye mzunguko wa siku 28 ana nafasi 13.

Ili kupima, tunagawa kilo kwa urefu mara urefu. 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 85 kwa 2.56 ni 33. Kipimo kinachofaa ni kati ya 18.5 na 25. Je, ni lazima ashuke hadi kilo 63? La. Kwa wengi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzani hutosha kurudisha mzunguko. Kwake hizo ni kilo 4 hadi 8 na nusu, na anaweza kuzipunguza kwa miezi kadhaa: sukari kidogo kwenye chai, soda na mandazi viwe vya nadra, ugali upungue na mboga ziongezeke, na kutembea kwa kasi nusu saa karibu kila siku. Asijinyime chakula kabisa, kwani njaa nayo huzuia yai.

Jirani yake mwenye urefu uleule na kilo 43 ana kipimo cha 17. Yeye anahitaji kula zaidi na kuongeza angalau kilo tano. Kama anakonda bila kujua sababu, apimwe kwanza.

Lakini uzani si jibu la kila kitu. Wako wanene wanaozaa bila shida, na wako wenye uzani mzuri ambao mirija yao imeziba. Unene wa mume pia hudhoofisha mbegu zake, kwa hivyo apimwe naye.

Hedhi ikikatika miezi mitatu, pima mimba kwanza, kisha nenda kituo cha afya. Mkijaribu kwa miezi 12 bila mafanikio, au miezi sita ikiwa mke amefikisha miaka 35, muoneni daktari nyote wawili. Bebeni ile kalenda yenye tarehe. Ndiyo daktari atakayoulizia kwanza.