Je, Mafuta ya Alizeti na Soya Huleta Uvimbe Mwilini?



Mama mmoja alitujia na dumu lake la mafuta ya alizeti, akatuuliza kama alimwage. Alikuwa ameambiwa kwamba mafuta ya mbegu huwasha uvimbe ndani ya mwili, ule unaohusishwa na maradhi ya moyo na maumivu ya viungo. Tulimjibu asilimwage, na sababu zetu ni hizi.

Hoja aliyoisikia haikutungwa hewani. Takriban nusu ya mafuta ya soya, na mara nyingi zaidi ya nusu ya yale ya alizeti, ni asidi ya linoleiki. Mwili huweza kuigeuza kuwa asidi ya arakidoni, na kutokana na hiyo hutengeneza baadhi ya kemikali zinazochochea uvimbe. Kwa hiyo watu husema: ukila mafuta mengi, uvimbe utaongezeka.

Mnyororo huo hukatika katika hatua ya kwanza. Mwili hugeuza sehemu ndogo mno ya asidi ya linoleiki, na kazi hiyo huidhibiti wenyewe. Mwaka 2011 watafiti waliokusanya majaribio ya lishe walikuta kwamba hata kiasi kinacholiwa kikiongezwa hadi mara sita, asidi ya arakidoni katika damu haikubadilika kwa namna ya kutajika. Mwaka uliofuata wengine walipitia majaribio 15 ya watu wenye afya, waliogawiwa mlo kwa kura. Walitazama vipimo vya damu, kikiwamo kile cha CRP, protini ambayo ini huitoa kwa wingi penye uvimbe. Hawakupata ushahidi kwamba asidi ya linoleiki huvipandisha.

Hatuna budi kusema mpaka wa ushahidi huo: waliopimwa walikuwa wazima. Mwenye maradhi sugu azungumze na daktari wake, asitegemee kijitabu hiki.

Ndipo tukamwomba yule mama afungue dumu. Mafuta yalikuwa meusi na mazito. Alikuwa akiyakaangia maandazi tangu wiki iliyotangulia, akiongeza mapya juu ya yale ya zamani. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo palipostahili hofu yake. Asidi ya linoleiki huharibika upesi kwa moto, hewa na mwanga, na kila ukaangaji huacha mabaki yaliyooza ambayo mafuta mapya hayayaondoi, huyapunguza makali tu.

Mafuta yakitoa povu lisilotulia, yakifuka moshi kabla ya moto kuwa mkali, au yakinuka kama rangi ya kupakia ukuta, yamekwisha. Yale mazima chujeni makombo yakishapoa, muyafunike na kuyaweka gizani. Dukani nako, acheni chupa angavu zilizopangwa juani. Ombeni iliyokaa ndani.