NAMBARI ZA KADI ZIKIISHA KUTUMWA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kisii na Nyamira)



Tuseme kijana wa Keroka ameahidiwa kazi ya Ghuba. Wakala ataka ada, lakini M-Pesa haitaki. Ataka nambari za kadi za zawadi za Apple. Dada yake kijana, aliye Minnesota, anunua kadi mbili za dola 100, azikwangua, atuma picha. Wakala adai ya tatu. Hapo ndipo watambuapo kuwa wameibiwa.

Mwizi hupenda kadi kwa kuwa nambari ndiyo fedha yenyewe. Akiisha kuiingiza katika hesabu yake, kadi ni plastiki tupu. Basi jambo kubwa ni kuwahi. Kadi ya tatu isitumwe. Zile mbili na risiti zake zisitupwe, maana ndizo ushahidi. Dada awapigie Apple siku hiyo hiyo, 1-800-275-2273, aeleze hila hiyo, aombe fedha iliyobaki izuiwe na kurudishwa. Ikiwa ingaliko, huenda ikapatikana; ikiisha kutumiwa, mara nyingi hairudi.

Kijana naye apeleke polisi ujumbe wote wa wakala, habari iandikwe, apewe nambari ya OB. DCI hupigiwa bila malipo, 0800 722 203.

Ndugu, akija mtu kuahidi kuzirudisha fedha kwa ada kidogo, huyo ni mwizi wa pili, na huenda ni yule yule.