Goti likiuma asubuhi ya mbio

Msikilizaji wa Nyeri, Karatina au Nanyuki, goti likiuma asubuhi ya mashindano lipe alama, 0 hadi 10. Maumivu yasiyozidi 3 kwa kawaida hayazuii mbio, mradi huchechemei wala hayapandi ukikimbia polepole dakika 10. Yakifika 4 au 5, jaribu mteremko kwanza, maana barabara zetu huligundua goti zikishuka, si zikipanda. Yakizidi hapo, baki.

Utaambiwa mwili ukipata joto maumivu huisha. Ni kweli, ila kano iliyoumia nayo hutulia hivyohivyo, kisha hukaza kesho yake. Kidonge nacho (wengi hukimbilia hicho) hunyamazisha kipimo chenyewe. Lakini kama kinachouma ni muundi, si goti, na ukiruka kwa mguu mmoja unachoma mahali palepale, usianze: huenda mfupa una ufa.