Video Inahesabu Tano, Nne, Tatu: Lakini Jopo Linahesabu Nini?

Mwenye simu na aliyemaliza chuo ameshaziona video hizi, maana zinafanana kama zimetoka kwa fundi mmoja. Kijana amefunga tai, muziki unadunda, na anahesabu kurudi nyuma makosa matano ya kwenye intavyuu. Tano, kuchelewa. Nne, kutoijua kazi unayoiomba. Tatu, kumsema vibaya mwajiri wako wa zamani. Mbili, kutomtazama mtu machoni. Hapo ananyamaza kidogo, anaisogelea kamera, kisha anatoa namba moja: mavazi. Dakika moja imekwisha, na video nyingine inaanza.

Sina ugomvi na tai. Ninachouliza ni kama hesabu hii inamfaa kijana wa Kulesa aliyeitwa Hola na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Tana River.

Tuchukue hiyo ya kuchelewa. Video inasema weka kengele kwenye simu. Kwa mtu wa huku Delta, kengele haisaidii kitu ikiwa maji yamekata barabara, kama tulivyoona mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024. Intavyuu ikiwa ya saa tatu asubuhi, mtu wa Kulesa anayekwenda kupitia Garsen alale Hola usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa shangazi au kwa rafiki. Na njia ikifungika kabisa, apige ile namba iliyoandikwa kwenye barua ya mwito kabla ya saa yake kufika, kisha atume na ujumbe wa maandishi. Bodi inaweza kumpangia saa nyingine aliyetoa taarifa mapema. Anayetokea saa sita akieleza habari za mto, jopo linamhurumia tu.

Hili la macho nalo lina utata wake. Mtoto wa Kipokomo au wa Kiorma amelelewa kuinamisha macho mbele ya wazee, na kwenye jopo atakuta watu wa umri wa baba yake na mama yake. Kumwambia awakazie macho ni kumwambia awe mtu mwingine kwa nusu saa. Kinachotakiwa ni chepesi kuliko hicho. Amwangalie anayeuliza wakati swali linaulizwa, na aanze kujibu akiwa bado amemwangalia. Macho yakitembea baada ya hapo, hakuna anayemkata alama kwa sababu hiyo.

Namba moja yangu mimi haimo kabisa kwenye video. Ni kutoa jibu ambalo halina cha kupewa alama.

Ukiingia chumba kile utakuta watu watatu, wanne, pengine watano, na kila mmoja ana karatasi mbele yake. Kwa kawaida maswali huwa yameandikwa tangu mapema na kila anayeingia huulizwa yale yale. Kila swali lina alama zake, na kila mwanajopo anaandika zake peke yake. Jioni zinajumlishwa, inatafutwa wastani, na majina yanapangwa kuanzia juu. Unadhifu unaweza kuwa na mstari wake, lakini ni mstari mdogo. Alama nyingi zimo kwenye majibu, na mwenye kalamu anasubiri kusikia kitu anachoweza kukiandika.

Sasa tuseme kuna binti wa Kulesa mwenye digrii ya kilimo, anaomba kazi ya afisa wa kilimo wa wadi. Anaulizwa: tupe mfano wa wakati uliofanya kazi na watu wasiokubaliana. Anajibu: mimi ni mtu wa kushirikiana, napenda kufanya kazi na watu wote, na nina subira. Jibu lina adabu na limesemwa vizuri. Mwanajopo ameinua kalamu, hana la kuandika, anampa alama tatu katika kumi na kuendelea. Waliomtangulia wote wamesema hayo hayo.

Na tuseme binti huyo huyo, wakati wa mafuriko, alikuwa akijitolea kuandika orodha ya kaya zilizohamia kwenye kambi. Hilo hakulitaja, kwa kuwa hakulipwa na hivyo hakulihesabu kuwa kazi. Hapa ndipo vijana wetu wengi wanapopoteza alama. Angejibu hivi: Wakati wa mafuriko niliandika orodha ya kaya za kambini kwa ajili ya mgao wa chakula. Wakulima walilalamika kwamba wafugaji wameandikwa mara mbili, na wafugaji nao wakasema hivyo hivyo juu ya wakulima. Kazi yangu ilikuwa kupata orodha moja ambayo pande zote zingeikubali. Niliomba mzee mmoja kutoka kila upande, tukakaa chini, nikasoma jina moja moja kwa sauti mbele yao. Kati ya majina 140, tuliyafuta 12 yaliyokuwa yamerudiwa, na yalitoka pande zote mbili. Mgao uliofuata ulikwenda bila ugomvi.

Jibu hilo halifiki dakika mbili. Limeeleza hali ilivyokuwa, kazi aliyopewa, alichokifanya yeye mwenyewe, na mwisho wake. Kila kipande kinampa mwanajopo cha kuandika. Sikilizeni pia anavyosema “niliomba”, “nikasoma”. Sisi huku tumezoea kusema “tulifanya”, kwa sababu kujitaja ni kujisifu. Ni malezi mazuri, ila karatasi ile ina jina la mtu mmoja juu yake. Ukisema “tulifanya” tangu mwanzo hadi mwisho, jopo halitajua ni lipi lako.

Kwa hiyo usiku ule wa Hola, badala ya kutazama video ya kumi, andika visa vitatu au vinne vya kweli: ugomvi uliousuluhisha, kazi iliyokushinda na ulivyoirekebisha, fedha au mali ya watu uliyowahi kuishika, jambo uliloanzisha mwenyewe. Chama cha vijana kinahesabika, na shamba la nyumbani pia. Usitunge. Swali la pili huwa “ilikuwaje hasa?”, na hapo kisa cha kubuni huishiwa na maneno.

Najua mtakaloniuliza: na kama kazi ina mwenyewe tayari? Hutokea, na jibu zuri haliwezi kulizuia. Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu asiyeridhika na uamuzi wa bodi ya kaunti kukata rufaa kwa maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Rufaa ya mwenye majibu ya maana ina uzito, maana alama zake zimo kwenye karatasi zile. Na anayekupigia simu akitaka umtumie “ada ya intavyuu” kwenye M-Pesa ni mwizi, hata akilijua jina lako kamili.

Halafu kuna lile swali la mwisho, unapoulizwa kama una la kuuliza. Usiulize mshahara. Kazi ya kaunti ina daraja lake la malipo, na mara nyingi limeandikwa kwenye tangazo, kwa hiyo utaonekana hukulisoma. Uliza kazi hiyo ni ya wadi gani, na afisa anatazamiwa kuwa amefanya nini katika miezi mitatu ya kwanza. Wakikujibu, andika. Kalamu uwe nayo mfukoni, usije ukamwazima mwenyekiti wa jopo ya kwake.