Bakshishi ya Wateja ni Mali ya Nani?
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanya kazi wa hoteli na mikahawa, Webuye)



Mji wetu uko juu ya njia kuu iendayo Malaba. Madereva wa malori na abiria hula kwetu mchana na usiku, na wengi huacha bakshishi. Zamani ilitoka mkononi mwa mteja ikaingia mfukoni mwa weita, na maneno yakaisha. Siku hizi mteja hulipa kwa M-Pesa. Bili yake ni shilingi 1,850, yeye hutuma 2,000 katika tili, kisha humwambia weita, "Inayobaki ni yako." Lakini tili ni ya mwenye hoteli. Zile 150 zimekwisha kuingia kwake, na weita hana ila maneno ya mteja aliyekwisha panda gari.

Tena iko ada ya huduma, ile inayoongezwa juu ya bili, mara nyingi sehemu moja katika kumi. Mteja akiiona hudhani amekwisha kuwapa watumishi, naye haachi kitu kingine.

Basi, je, mwajiri aweza kuziweka fedha hizi? Tuseme kweli: Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haina kifungu kinachotaja bakshishi. Uingereza wamepata sheria yao, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, nayo yamtaka mwajiri awape wafanya kazi bakshishi yote na ada yote ya huduma bila kukata, isipokuwa kodi iliyowekwa na sheria. Kwetu lililo kubwa ni mapatano. Kifungu cha 10 chataka barua ya kazi ionyeshe malipo na namna yanavyohesabiwa. Ikiandikwa humo kwamba ada ya huduma itagawanywa kwa wafanya kazi kila mwezi, mwajiri hawezi tena kuiita zawadi yake. Imekuwa sehemu ya malipo yako, na kifungu cha 19 chasema ni makato gani tu yanayoruhusiwa.

Tazameni jambo la sahani. Wenye hoteli wengi hukata vyombo vilivyovunjika katika fungu la ada kabla ya kugawa. Lakini kwa kifungu cha 19, mali ikiharibika, mwajiri aweza kukata kiasi cha haki kwa mfanya kazi aliyeiharibu kwa makusudi. Sahani iliyoteleza katika maji ya sabuni si makusudi, wala mpishi hawezi kulipia gilasi ya mwenzake.

Tufanye hesabu ya mfano. Hoteli imeuza kwa shilingi 480,000 katika mwezi, kwa hiyo ada ni 48,000. Wako weita 4 na wapishi 2, kila mmoja pointi 3. Mwosha vyombo 1 na wasafishaji 2, kila mmoja pointi 2. Jumla ni pointi 24, na kila pointi ni shilingi 2,000. Weita apata 6,000, mwosha vyombo 4,000. (Wako wanaosema mwosha vyombo apewe pointi 1 tu kwa sababu haonekani na mteja. Sisi hatukubali, mteja hali katika sahani chafu.)

Sasa meneja naye aingizwe kwa pointi 6. Jumla yawa 30, na pointi yashuka hata 1,600. Meneja achukua 9,600. Weita abaki na 4,800, na mwosha vyombo 3,200. Hakuna aliyeambiwa kwamba amekatwa, maana fungu bado ni lile lile 48,000. Kwa hiyo msiulize fungu peke yake. Ulizeni na jumla ya pointi, na majina ya wenye pointi. Yafaa karatasi hiyo ibandikwe ukutani kila mwezi pamoja na jumla ya mauzo.

Kwa bakshishi ya tili, wekeni daftari kaunta. Andikeni tarehe, nambari ya bili, kiasi cha bili, kiasi kilichotumwa, na jina la weita. Keshia atie sahihi hapo hapo, si mwisho wa juma. Mwisho wa siku daftari hulinganishwa na taarifa ya tili. Njia nyingine ni mteja amtumie weita katika simu yake mwenyewe, lakini hapo wapishi hawapati kitu, na magomvi huanza jikoni. Afadhali mpatane kwanza ninyi kwa ninyi, kabla ya kumwendea mwajiri.

Mahali ambapo wengi katika wafanya kazi wamejiunga na chama, mwajiri apaswa kukitambua, na mapatano ya pamoja yakisajiliwa mahakamani huwa sehemu ya mkataba wa kila mmoja. Mahali ambapo bado, ombeni barua. Dai la mkataba wa kazi lapelekwa mahakamani kabla ya miaka 3 kupita, basi hata karatasi za pointi za mwaka juzi msizitupe.